MIKUTANO YETU HUTULA SAA NGAPI?



Majuma machache yaliyopita nilipata barua ya mwalimu mmoja. Anasema kwamba shuleni kwao walimu hukutana asubuhi kila siku, tena Jumatatu hukutana mchana, tena Ijumaa hukutana kufunga juma, na bado daftari za watoto hukaa mezani bila kusahihishwa. Anauliza: "Bwana Karani, wewe ndiwe unayeandika mihtasari ya mikutano mingi. Je, iko njia ya kujua mkutano upi unafaa na upi haufai, bila kugombana na wakubwa?"

Njia iko, nami nimeijaribu. Lakini sikuijaribu shuleni. Niliijaribu katika zahanati moja ambayo mimi huandika mihtasari yake, na jina lake niachieni mwenyewe. Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa, pamoja na pale tulipokosea, kisha mwalimu wangu atachukua linalomfaa.

Jambo lenyewe lilianza na bibi mmoja. Jumatatu moja, yapata saa 3 na nusu asubuhi, nilitoka katika chumba cha mkutano kwenda kutafuta wino. Benchi lilikuwa limejaa, na wengine walikuwa wameketi chini ya ukuta. Bibi huyo alikuwa amempakata mjukuu wake mwenye homa. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza kwa upole, "Hawa wakubwa wana msiba?" Nikasema hapana, wana mkutano. Akasema, "Ah. Juma lililopita pia nilidhani ni msiba." Alikuwa ameondoka kwake alfajiri.

Nilirudi ndani na wino wangu, nikaandika kama kawaida yangu: "Wajumbe walijadili kwa kirefu." Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mara nyingi sana, wala sikuwahi kujiuliza kirefu hicho kilikuwa na urefu gani.

Baadaye nilimwendea Bwana Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, nikamwambia aliyoyasema yule bibi. Ni mtu mwema, wala hakukasirika. Alisema tu, "Karani, nikiipunguza mikutano, watasema nawadharau." Tukapatana kwamba kwa majuma 4 tusibadilishe kitu. Mimi nitapima tu, na kila mmoja ataambiwa kwamba ninapima. Hilo la kuwaambia ni la lazima. Karani anayepima saa za watu kwa siri hugeuka mpelelezi, na hesabu yake hata ikiwa sahihi haitapokewa na mtu.

Kwanza nilidhani mihtasari ya nyuma itanitosha. Kumbe haikunisaidia sana, kwa maana mwishoni nilikuwa nikiandika "mkutano ulifungwa kwa sala" bila kutaja saa. Basi nikachora ukurasa mpya wenye safu 5. Ya kwanza ni saa iliyotangazwa. Ya pili ni saa ambayo mtu wa mwisho alirudi kwenye kazi yake. Ya tatu ni idadi ya waliokuwamo. Ya nne ni wangapi kati yao waliosema neno. Ya tano ni mambo yaliyoamuliwa, na kando ya kila jambo jina la mtu atakayelitenda.

Tazameni safu ya kwanza na ya pili. Sikuhesabu tangu mwenyekiti alipofungua mkutano mpaka alipoufunga. Nilihesabu tangu saa iliyotangazwa, kwa sababu yule aliyefika kwa wakati ameshaiacha kazi yake, hata kama anangoja tu. Nikaendelea kuhesabu mpaka watu waliporudi kazini, maana baada ya mkutano husimama mlangoni na kuumaliza upya. Anayehesabu tangu sala ya kufungua mpaka sala ya kufunga atakosa sehemu kubwa ya hasara.

Zahanati ile ina wafanyakazi 8: Bwana Mganga, wauguzi 3, mpimaji wa maabara, mtunza dawa, karani wa mapokezi, na mama mhudumu wa usafi. Walikuwa na mikutano 4 iliyorudi kila juma. Jumatatu saa 2 asubuhi walikutana wote 8, na mkutano ulichukua saa 2. Jumanne mpaka Ijumaa, kila asubuhi, walikuwa na makabidhiano, yaani muuguzi aliyelala zamu alieleza habari za usiku. Hapo walisimama watu 6 kwa nusu saa. Jumatano ilikaa kamati ya ujenzi, watu 4 kwa saa 1. Ijumaa kilikuwapo kikao cha dawa, watu 3 kwa saa 1.

Sasa hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Mkutano wa watu 8 uliochukua saa 2 haukula saa 2, umekula saa 16. Makabidhiano ya watu 6 kwa nusu saa ni saa 3 kila siku, na kwa siku 4 ni saa 12. Kamati ya ujenzi ilikula saa 4, na kikao cha dawa saa 3. Jumlisha: saa 35 kila juma. Sheria ya kazi ya Tanzania yaweka saa 45 kuwa mwisho wa kazi ya kawaida kwa juma moja, bila saa za ziada. Basi kati ya wafanyakazi wale 8, ni kama mmoja wao alikuwa haonekani kazini siku 4 za juma. Zahanati ilikuwa ikiomba kila mwaka iongezewe muuguzi.

Nilipomwonyesha Bwana Mganga jumla hiyo alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno la haki: "Lakini si zote zimepotea." Ni kweli, hazikupotea zote. Hapo ndipo safu ya tano inapofaa. Katika majuma yale 4, kikao cha dawa cha watu 3 kiliamua mambo 11, na kila jambo lilikuwa na jina la mtu kando yake: nani ataagiza dawa gani, kiasi gani, na ipi iliyokaribia kuisha muda itumike kwanza. Mkutano mkubwa wa Jumatatu uliamua mambo 6, na katika hayo 4 hayakuwa na jina la mtu. Niliandika tu "litafuatiliwa". Kamati ya ujenzi ilikaa mara 4 wala haikuamua jambo hata moja. Nilipofungua daftari lao nikaona sababu. Wadi ya wazazi waliyoundiwa kamati hiyo ilikwisha kupigwa rangi mwaka uliopita. Jengo lilikwisha, lakini Jumatano ziliendelea kuja, nao waliendelea kukaa.

Msicheke sana, ndugu zangu. Nendeni mkatazame katika vikundi vyenu. Mkutano unaoitishwa kwa sababu ya jambo fulani hukoma jambo likiisha. Lakini mkutano unaoitishwa "kila Jumatano" hauna mahali pa kufia. Hakuna anayeuita, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuacha.

Sasa niwaeleze Jumatatu moja kwa dakika zake, kwa maana huo ndio mkutano uliotupa kazi zaidi. Ulitangazwa saa 2 kamili. Tulingoja waliochelewa dakika 20. Sala na salamu zilichukua dakika 5. Mimi nikasoma muhtasari wa juma lililopita kwa sauti, dakika 15. Yatokanayo, dakika 15. Kisha kila idara ikatoa taarifa yake, wagonjwa wangapi, vipimo vingapi, wazazi wangapi, dakika 25, na hesabu zote hizo zimo tayari katika madaftari yao. Tukaja kwenye jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na karatasi ya jokofu ilionyesha kwamba mara mbili katika juma lile joto lilikuwa limepita 8. Jambo hilo lilichukua dakika 5, tukaandika "litafuatiliwa". Halafu tukafika Mengineyo. Mtu mmoja akauliza kwa nini sukari ya chai inaisha haraka. Hapo tulikaa dakika 35, na wote walisema.

Jumlisheni, mtaona ni dakika 120. Chanjo za watoto dakika 5, sukari dakika 35.

Jambo hili si la zahanati ile peke yake. Mwingereza mmoja, Northcote Parkinson, aliandika mwaka 1957 juu ya kamati ya mfano wake inayopitisha mtambo wa nguvu za atomiki kwa dakika chache, kisha inabishana muda mrefu juu ya kibanda cha kuegeshea baiskeli. Sababu aliyoitoa ni nyepesi: mtambo hawauelewi, na kila mmoja anaona haya kuuliza, kibanda kila mtu anakijua, na kila mtu ataka aonekane amechangia. Mtu huyohuyo alikuwa ameeleza mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote iliyopewa. Ukiupa mkutano asubuhi nzima, utaimaliza asubuhi nzima.

Basi tulifanyaje?

La kwanza, tulijaribu kunyamaza. Kamati ya ujenzi haikufutwa. Bwana Mganga alisema tu kwamba kwa majuma 2 haitakaa, na yeyote atakayeona jambo limekwama kwa sababu hiyo aje amwambie. Njia hii hata makampuni makubwa yameitumia. Kampuni moja ya Kanada iitwayo Shopify, mwezi wa Januari 2023, iliiondoa mara moja katika kalenda zake mikutano yote ya kujirudia yenye watu 3 au zaidi, ikawaambia watu wangoje majuma 2 kabla ya kuirudisha wowote. Maana yake ni kwamba badala ya kuuliza "Tuufute upi?", ambapo kila mwenye mkutano ataulinda wake, waulize "Upi umetuuma kwa kukosekana?" Kwetu, majuma 2 yalipita wala hakuna aliyeuliza habari za kamati ya ujenzi, hata mwenyekiti wake.

Lakini hapa ni lazima niwaonye. Jaribio la kunyamaza lisifanywe kwa mkutano uliowekwa na sheria au katiba. Mkutano mkuu wa kijiji, mathalani, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yataka ukae walau kila miezi 3. Chama cha akiba nacho kina katiba yake. Mikutano ya namna hiyo yaweza kupangwa vizuri na kufupishwa, lakini haiachwi. Soma kwanza kinachosemwa na katiba yenu, maana mara nyingi yadai mara chache kuliko mnavyokaa.

La pili, tuliuliza kwa kila mkutano uliobaki: ni nani ambaye bila yeye jambo haliendi? Kwa makabidhiano ya asubuhi watu hao walikuwa 3 tu: muuguzi aliyelala zamu, muuguzi anayempokea, na Bwana Mganga. Wengine 3 walisimama tu kwa mazoea. Habari za usiku, zikisemwa bila hadithi, huchukua dakika 10: mgonjwa gani amelala, ana hali gani, ametumia nini, nini kinangojwa. Hivyo saa 12 za juma zikawa saa 2.

La tatu ndilo lililokuwa gumu, yaani mkutano mkubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshauri kwamba mama mhudumu na karani wa mapokezi wasije tena, kwa sababu safu yangu ya nne ilionyesha kwamba hawasemi. Katika majuma 4 mama yule alisema mara moja tu. Muuguzi mkubwa, mama wa makamo ambaye wote twamheshimu, akaniambia, "Mwanangu, rudi katika daftari lako uone alisema nini siku hiyo." Nikarudi. Alikuwa amesema kwamba maji ya pipa la wadi ya wazazi yanabadilishwa mara moja tu kwa siku, kwa kuwa ndoo imetoboka. Katika mambo yote niliyoyaandika mwezi ule, hilo ndilo lililogusa uzima wa watu karibu zaidi, nalo lilisemwa kwa dakika moja. Basi nikafuta shauri langu. Anayepima kwa wingi wa maneno atawaondoa watu wanaosema kidogo na kubaki na wanaosema bure. Wote 8 wakabaki.

Tukitaka wabaki wote, ilitupasa tupunguze mambo. Sasa sikilizeni hesabu iliyotusaidia kuweka urefu wa mkutano, kwa maana naona watu wengi hutaja "saa moja" kwa sababu tu saa moja ni neno rahisi kutamka. Jambo la kushauriana, ambalo kila mtu anastahili kulisema, mpe kila mmoja dakika 3. Watu 8 mara dakika 3 ni dakika 24. Basi mkutano wa watu 8 wa nusu saa unachukua jambo moja la kushauriana, na dakika chache za sala na salamu. Mambo mawili ni karibu saa nzima. Anayeandika mambo 7 katika ajenda ya nusu saa anajidanganya: ama hayatakwisha, ama watu watanyamazishwa.

Tuliweka dakika 30. Muhtasari sikuusoma tena kwa sauti. Niliubandika ukutani siku iliyotangulia, na mwenye sahihisho aliniletea. Taarifa za idara zikabandikwa hapohapo, na katika mkutano iliulizwa moja tu: ni hesabu gani iliyomshtua mtu? Mengineyo ikabaki, lakini kwa sharti kwamba mwenye neno anipe jana yake. Asiyenipa, neno lake lamngoja juma lijalo, isipokuwa la hatari. Jambo zito likawekwa kwanza, na dogo mwisho, ili likatwe na saa lile dogo. Na kila uamuzi ulisomwa na jina la mtu na siku yake kabla ya kuinuka. Neno "litafuatiliwa" nilikatazwa kuliandika. Salamu na sala hatukuzigusa. Watu waliolala katika nyumba mbalimbali na kukutana kazini ni lazima wajuliane hali, na mwenye kukata salamu ili apate dakika 5 atapoteza zaidi katika manung'uniko. Ila zimehesabiwa ndani ya dakika 30, si juu yake.

Tukauhamisha mkutano wenyewe. Nilichukua daftari la wagonjwa nikahesabu waliofika kila saa kwa majuma yale 4. Jumatatu asubuhi ilikuwa imejaa kuliko wakati mwingine wowote, kwa maana Jumapili watu huvumilia. Pungufu kuliko zote ilikuwa Alhamisi saa 8 mchana. Saa zile mbili hazina thamani sawa, ingawa katika hesabu ya kalamu zinafanana. Tukauweka Alhamisi saa 8. Tukaanza saa 8 kamili, hata wakiwapo watu 4 tu, wala hatukumrudilia aliyechelewa. Juma la kwanza 3 walichelewa. La pili alichelewa 1. La tatu alikuwa Bwana Mganga mwenyewe, tukaanza bila yeye. Muuguzi mkubwa aliongoza, naye Bwana alipoingia aliketi kimya karibu na mlango. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyoithibitisha saa 8.

Kikao cha dawa tulikiacha kama kilivyo, saa 1 na watu 3. Mkutano unaofanya kazi yake usiuguse ili tu uonekane umegusa kila kitu.

Hesabu mpya ni hii: watu 8 kwa nusu saa, saa 4; makabidhiano, saa 2; dawa, saa 3; ujenzi, sifuri. Jumla saa 9 badala ya 35. Zimerudi saa 26 kila juma. Tena hatukuziacha hewani, kwa maana saa isiyopewa kazi hutafuta maongezi. Zile za Jumatatu asubuhi zilipewa kliniki ya watoto, ambayo zamani ilianza saa 4 na sasa yaanza saa 2.

Je, hatukukosea? Tulikosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuja katika juma la pili. Usiku mmoja muuguzi alikuwa ametumia vipimo vya malaria vilivyobaki katika kasha, akasema hivyo katika makabidhiano. Lakini mpimaji wa maabara hakuwapo tena katika makabidhiano, wala hakuna aliyemwambia. Asubuhi wagonjwa 5 walipangwa kupimwa, na kasha tupu. Kumbe wale waliosimama kwa mazoea hawakuwa na la kusema, lakini walikuwa na la kusikia. Hatukuwarudisha. Tuliweka daftari la makabidhiano mezani, na kila mkuu wa idara hulisoma na kutia sahihi kabla ya saa 2 na robo. Kulisoma ni dakika 1. Ndiyo maana nasema, kila unapomwondoa mtu katika mkutano, uliza kwanza habari itamfikia kwa njia gani.

Kosa la pili lilikuwa la bajeti. Mwezi wa bajeti ulipofika tuliitia katika dakika 30 zetu, kwa kujivuna kidogo, nasi tulishindwa vibaya. Tulirudi mara 3, kila mara tukianza upya kukumbushana tulikoishia. Hesabu ile ya dakika 3 ingetuonya kama tungaliifanya: mafungu 6 ya fedha, watu 8, hiyo ni dakika 144 kabla hujajumlisha hata safu moja. Mwaka huu tumeipangia siku moja, saa 3 mfululizo, na chai katikati. Mkutano mfupi si mwema daima.

Na mwalimu wangu ataniuliza, je, yamedumu? Yalidumu miezi 2, kisha nikaona dalili. Mkutano wa Alhamisi ulifika dakika 40, halafu 50. Mengineyo ilikuwa imerudi kwa jina jipya, "taarifa fupi". Tena niliona watu 4 wakisimama chini ya mwembe baada ya mkutano na kuendelea kuongea. Watu wakisimama chini ya mwembe kila juma, yafaa uulize waliongea nini. Kama ni habari za harusi, waache. Kama ni jambo lilelile la ajenda, basi lilikatwa kabla halijaiva, na lilistahili dakika zaidi. Kwetu lilikuwa jambo la zamu za usiku, nalo tulilipa Alhamisi nzima peke yake. Tangu hapo natoa ule ukurasa wangu wa safu 5 kwa juma moja katika kila miezi 3, nikipima tena.

Kwa swali la kutogombana na wakubwa, mwalimu, siwezi kukupa zaidi ya hili: usiende kwa mwalimu mkuu na neno "mikutano ni mingi". Hilo ni lawama, naye atajitetea. Mwombe ruhusa ya kupima majuma 4, kisha mpelekee ukurasa wenye hesabu, uuweke mezani, umwache autazame mwenyewe. Mikutano yenu ya kila asubuhi, kama walimu ni 12 na mnasimama dakika 20, hiyo ni saa 4 kila siku. Nawe wajua saa 4 zaweza kusahihisha daftari ngapi.

Jokofu la chanjo lilikuwa limechakaa mpira wa mlango. Uamuzi ulipopata jina la mtu, mpira mpya ulipatikana katika siku 9. Na mwenyekiti wa ile kamati ya ujenzi alinijia siku moja akiwa na daftari lao mkononi, akauliza aliweke wapi, kwa kuwa lilikuwa na kurasa nyingi tupu. Ndilo tunaloandikia makabidhiano.

Wenu, Karani.